Ishirini na Mbili ya Nini?

Bi Mwanahawa ana miaka 67, anaishi na binti yake ghorofa ya nne, Kariakoo. Miaka miwili iliyopita aliteleza bafuni, akaukingia mkono, kifundo kikavunjika. Mwaka huu hakuanguka hata kidogo. Aliinama kunyanyua ndoo ya maji isiyojaa, akasikia kitu kimekatika mgongoni kama kijiti kikavu, na tangu siku hiyo hawezi kusimama wima. Picha ya eksirei ikaonyesha pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea upande wa mbele, kama kopo lililokanyagwa.

Bi Mwanahawa ni mgonjwa wa mfano. Nimemtengeneza ili tupate mtu wa kumfuata, lakini yaliyomo mwilini mwake na kwenye karatasi zake ni mambo ambayo kliniki za mifupa hukutana nayo.

Kitu cha kwanza ambacho daktari anakiangalia hapa ni ukubwa wa kishindo. Kijana akitupwa na bodaboda akavunjika paja, mfupa wake haujatenda kosa; nguvu ilikuwa kubwa. Ila mtu akivunjika kwa kuanguka kutoka urefu wake mwenyewe, au kwa kuinama tu, huo ni mvunjiko wa kishindo kidogo. Nyonga, pingili za mgongo na kifundo cha mkono ndivyo vinavyoongoza. Mvunjiko wa namna hiyo kwa mtu mzima unataka maelezo, kwa sababu usipoelezwa utafuatwa na mwingine. Miongoni mwa vipimo vinavyoagizwa ni vitamini D, na hapo ndipo Bi Mwanahawa alipokaribia kupotezwa njia.

Binti yake, Rehema, alichukua majibu maabara asubuhi. Akiwa kwenye daladala akatafuta kwenye simu, akasoma kwamba kiwango cha 20 na kuendelea kinatosha. Karatasi ya mama ilisema 22. Akaingia kwa daktari moyo umetulia.

"Daktari, vitamini ya mama iko sawa. Ana ishirini na mbili."

"Ishirini na mbili ya nini, mwanangu? Hebu nione karatasi yenyewe."

Swali hilo ndilo roho ya jambo lote. Vitamini D huandikwa kwa vipimo viwili tofauti. Maabara nyingine huandika ng/mL, yaani nanogramu katika mililita moja ya damu. Nyingine huandika nmol/L, nanomoli katika lita. Ili kutoka ng/mL kwenda nmol/L unazidisha kwa 2.5, ukirudi, unagawanya. Ukurasa aliousoma Rehema ulitumia ng/mL. Karatasi ya mama, kwa herufi ndogo pembeni mwa namba, ilisema nmol/L. Ishirini na mbili gawanya kwa 2.5 ni 8.8. Namba ile ile kwa kipimo kimoja inatosha, kwa kingine ni ukosefu mkubwa. Nawasihi wasomaji: msiiulize namba yoyote ya vitamini D kabla hamjaisoma hiyo herufi ndogo.

Sasa, inayotosha ni ngapi? Mwaka 2011 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilisema kwamba 20 ng/mL, ambayo ni 50 nmol/L, inakidhi mifupa ya karibu watu wote, na kwamba hatari halisi inaanzia chini ya 12, yaani 30 nmol/L. Mwaka huo huo Chama cha Endokrinolojia cha Marekani kikataka watu wafike 30 ng/mL, na kwa miaka mingi maabara zikawa zinaweka alama nyekundu kwa kila aliye chini ya hapo. Mwaka 2024 chama hicho hicho kiliacha kuitetea 30 kama mstari wa kila mtu. Kwa hiyo mtu mzima asiye na tatizo la mifupa, mwenye 24 ng/mL, hana ugonjwa hata kama karatasi yake imepigwa wekundu. Kwa aliyekwisha kuvunjika kwa kishindo kidogo, madaktari wengi huhakikisha amevuka 50 nmol/L na hufurahi zaidi akiwa karibu na 75, ili wawe na nafasi ya kupumua kabla ya kumpa dawa kali za mifupa. Mimi naona huo ni uangalifu wa haki, mradi usigeuke kukimbizana na namba.

Kuna kosa jingine, nalo hutokea kabla damu haijatolewa: kuagiza kipimo kisicho chenyewe. Vitamini D ikitengenezwa kwenye ngozi au ikiliwa, hupita kwenye ini na kuwekwa akiba. Akiba hiyo ndiyo kipimo kinachoandikwa 25(OH)D, na ndiyo tunayoitaka. Baadaye figo huchukua kidogo kutoka kwenye akiba na kuigeuza kuwa vitamini yenye nguvu kamili, inayoandikwa 1,25(OH)2D. Jina lake linavutia, maana ndiyo inayofanya kazi, na wapo wanaoipima wakidhani ndiyo bora. Lakini akiba inapopungua, mwili huzihimiza figo zitengeneze zaidi hiyo ya mwisho, ikabaki sawa au hata ikapanda. Ni kama duka ambalo rafu zake zimejaa ilhali ghala la nyuma ni tupu. Anayetazama rafu peke yake atasema mambo ni mazuri.

Ghala la Bi Mwanahawa lilikuwa tupu, tena kwenye nchi ya jua. Hilo huwashangaza wengi. Watafiti waliowapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania, wanaoishi maisha yao ya asili nje siku nzima, walikuta wastani wa 115 nmol/L. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Ngozi nyeusi basi si kikwazo ikiwa jua linaifikia. Shida ni kulifikia. Miale inayotengeneza vitamini D haipiti kwenye kioo cha dirisha, na Bi Mwanahawa tangu magoti yaanze kumsumbua hashuki ngazi ila kwa shughuli, tena akiwa amejifunika vizuri. Umri nao umeipunguzia ngozi yake uwezo wa kutengeneza. Watu wetu walioko Toronto au Stockholm wana sababu nyingine: huko miezi ya baridi jua huwa chini mno, miale hiyo haifiki ardhini ya kutosha hata ukikaa nje.

Lakini daktari alipomuuliza dawa anazotumia, ikatoka sababu nyingine. Kwa miaka 20 Bi Mwanahawa anameza fenitoini kwa ajili ya kifafa. Dawa hiyo huliamsha ini livunjevunje vitamini D haraka kuliko kawaida. Fenobabitali hufanya hivyo, na karbamazepini pia. Rifampisini ya kifua kikuu vilevile. Tenofovir, iliyomo kwenye vidonge vingi vya kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, ina njia yake: kwa watu wachache huzifanya figo zipoteze fosfeti kwenye mkojo, mifupa ikalainika hata kama vitamini D si mbaya. Hakuna anayepaswa kuacha dawa hizi kwa hofu ya mifupa. Ila daktari wa mifupa asipoambiwa juu yake atapanga dozi ya mtu mwingine.

Halafu akamwangalia akisimama. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wengi hupapita haraka. Alimwomba ainuke kwenye kiti bila kushika popote. Bi Mwanahawa alijisogeza hadi ukingoni, akaegemeza mikono mapajani, akajisukuma mara mbili, ya tatu ndiyo akanyanyuka. Akatembea akiyumba upande huu na huu, kama bata. Daktari akambonyeza muundi wa mguu kwa kidole gumba, akashtuka kwa maumivu. Nyumbani, Rehema akakumbuka, mama amekuwa hawezi kuinuka mkekani baada ya kusali, na wote walidhani ni uzee.

Mtu mwenye osteoporosisi ya kawaida mfupa wake umepungua, umebaki na matundu mengi, lakini ule uliobaki ni mgumu kama inavyotakiwa. Haumi mpaka uvunjike. Mwenye osteomalasia mfupa wake upo, ila haukushiba madini. Ni laini, unauma ukibonyezwa, na misuli ya nyonga na mapaja inalegea. Ndiyo ndugu wa matege, tofauti ni kwamba matege humpata mtoto ambaye bado anakua. Magonjwa haya mawili huvunja mifupa kwa kishindo kidogo, na yote mawili hutoa majibu mabaya kwenye kipimo cha DXA cha msongamano wa mifupa, kwa sababu mashine inahesabu madini tu. Haijui kwa nini ni machache. Tiba zake hazifanani, na kukosea kuna gharama.

Kinachotenganisha ni damu nyingine. Kalsiamu ya Bi Mwanahawa ilikuwa 2.02 mmol/L, na baada ya kusahihishwa kwa protini ya albumini ikawa 2.10, chini kidogo ya inavyotakiwa. Fosfeti ilikuwa 0.70, pia chini. Homoni ya parathairoidi, PTH, ilikuwa imepanda mara mbili ya mpaka wa juu: tezi zile ndogo za shingoni zilikuwa zinakamua kalsiamu kutoka mifupani ili damu isipungukiwe. Na kimeng'enya kinachoandikwa ALP kilikuwa 212, wakati mpaka wa maabara hiyo ni 120. ALP peke yake ingeweza kudanganya, maana mfupa uliovunjika ukiwa unaunga huipandisha kwa wiki kadhaa. Lakini kuunga kwa mfupa hakushushi kalsiamu na fosfeti. Vyote vinne vikisema lugha moja, na mgonjwa anatembea vile, jibu ni osteomalasia, pengine pamoja na osteoporosisi chini yake. Figo zake zilikuwa nzima. Vipimo vya saratani ya uboho, ambayo pia hubonyeza pingili za wazee, vilikuwa safi.

Lau kalsiamu ingekuwa juu badala ya chini, mambo yangegeuka. Kalsiamu ya juu pamoja na vitamini D ndogo inaashiria tezi ya parathairoidi iliyoasi, au kifua kikuu, au saratani. Katika kifua kikuu, chembe za kinga zenyewe hutengeneza ile vitamini D ya mwisho bila kuziomba ruhusa figo, na ukimmiminia mgonjwa vitamini zaidi unaweza kumwongezea kalsiamu hadi achanganyikiwe. Ndiyo maana kalsiamu hupimwa kabla ya dozi kubwa, si baada yake.

Dozi yenyewe ina sehemu mbili: kujaza ghala, kisha kulitunza. Kwa upungufu mkubwa, desturi ya Uingereza ni jumla ya yuniti 300,000 hivi za vitamini D3, zikigawanywa kwa wiki 6 hadi 10. Njia rahisi ni kapsuli ya yuniti 50,000 mara moja kwa wiki, kwa wiki 6. Anayependa kidonge cha kila siku anaweza kumeza yuniti 4,000 kwa wiki 10 akapata karibu jumla hiyo hiyo. Bi Mwanahawa alipewa wiki 8 za yuniti 50,000, jumla 400,000, kwa kuwa fenitoini ingemvujishia sehemu ya kila alichomeza. Mtu mnene sana naye huhitaji zaidi, maana vitamini hii hujificha kwenye mafuta. Na kwa kuwa ni ya mafuta, humezwa pamoja na mlo mkubwa wa siku, wenye samaki au nazi. Ukiimeza na chai kavu, sehemu yake itapita tu.

Pamoja nayo alihitaji kalsiamu. Mfupa laini ukipata vitamini D ghafla hunyonya madini kwa pupa, na kalsiamu ya damu inaweza kushuka zaidi wiki za mwanzo. Ganzi ya vidole na kukakamaa kwa mikono ndizo dalili. Mwanamke wa umri wake anatakiwa apate kama miligramu 1,200 kwa siku kutoka chakula na vidonge kwa pamoja. Glasi ya maziwa ina karibu 300. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina. Mchicha una kalsiamu nyingi kwenye majedwali, lakini umeshikwa na asidi ya oksaliki, tumbo haliipati. Pengo linalobaki hujazwa kwa kidonge, si zaidi ya miligramu 500 kwa mkupuo, wakati wa kula.

Kosa la hatari zaidi katika hatua hii hutokea nyumbani. Kapsuli ya 50,000 ni ndogo, haina tofauti na ile ya 1,000, na mkono umezoea kumeza dawa kila asubuhi. Akiimeza kila siku kwa miezi miwili atakuwa amekunywa milioni tatu. Kiu isiyoisha, mkojo mwingi, kufunga choo, kichefuchefu na akili kuchanganyikiwa ni dalili za kalsiamu kupanda, na hatari huongezeka kwa anayetumia vidonge vya presha vya kukojoza vya aina ya thiazaidi, mfano bendrofluazaidi, kwa sababu vinaizuia kalsiamu isitoke kwenye mkojo. Rehema aliambiwa achague siku moja. Akachagua Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, akaiandika kwa kalamu nene juu ya kopo.

Watu wengi huuliza: kwa nini asichomwe sindano moja kubwa ya laki tatu au laki sita, yakaisha? Sindano ya msulini hunyonywa polepole na bila kutabirika, basi huwezi kujua lini ghala litajaa. Tena dozi kubwa ya mkupuo ina historia mbaya. Nchini Australia wanawake 2,256 wenye miaka 70 na zaidi waligawanywa, wengine wakapewa yuniti 500,000 kwa mdomo mara moja kila mwaka, wengine kapsuli tupu. Ilitarajiwa wavunjike kidogo zaidi. Majibu yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha waliopewa vitamini walianguka zaidi kwa asilimia 15 na wakavunjika zaidi kwa asilimia 26. Kwa mzee ambaye tayari mfupa wake umeonyesha udhaifu, naiona sindano hiyo ni kucheza na moto wakati kapsuli za wiki zipo.

Baada ya kujaza, inafuata kutunza. Mzee wa kawaida hutosheka na yuniti 800 hadi 2,000 kwa siku. Bi Mwanahawa alipangiwa 2,000, na alielezwa kwamba ataendelea maadamu anatumia fenitoini. Kalsiamu hupimwa tena mwezi mmoja baada ya kumaliza dozi ya kujaza, kwa sababu wapo ambao tezi yao iliyoasi hujitokeza wakati huo. Vitamini D yenyewe haina haja ya kupimwa mapema. Akiba huchukua kama miezi mitatu kutulia, na anayepima baada ya wiki tatu anatupa pesa.

Vitamini hii ina mpaka wake, na wauzaji wa makopo huuruka. Mwaka 1992 Wafaransa walichapisha utafiti wa wanawake wazee 3,270 wa nyumba za kulelea, wengi wao wakiwa na upungufu. Yuniti 800 kwa siku pamoja na kalsiamu ilipunguza mivunjiko ya nyonga kwa asilimia 43 katika miezi 18. Miaka 30 baadaye, Wamarekani 25,871 ambao kwa wastani hawakuwa na upungufu walifuatiliwa, nusu yao wakimeza yuniti 2,000 kila siku, mivunjiko haikupungua. Ghala tupu ukilijaza unaona faida. Lililojaa halihitaji gunia jingine. Mama mwenye 65 nmol/L aliyevunjika nyonga hana tatizo la vitamini D. Ana osteoporosisi, na kumpa makopo ya vitamini bila dawa ya mifupa ni kumwacha avunjike nyonga ya pili.

Dawa hizo ni kama kidonge cha alendronati cha miligramu 70 kila wiki, au dripu ya asidi ya zoledroniki ya miligramu 5 kila mwaka. Utafiti wa mwaka 2007 wa watu waliofanyiwa upasuaji wa nyonga iliyovunjika ulionyesha dripu hiyo ilipunguza mivunjiko mipya kwa asilimia 35, na vifo vilipungua pia. Wagonjwa wenye vitamini D ndogo, au ambayo haijulikani, walijaziwa kwanza, wiki mbili kabla. Sababu ni kwamba dripu inaufungia mfupa mlango usitoe kalsiamu. Bi Mwanahawa alikuwa anaishi kwa kalsiamu inayokamuliwa mifupani. Angefungiwa mlango huo siku ya kwanza, damu yake ingepungukiwa hadi misuli ikakamae.

Alirudi mwezi wa nne. Vitamini D ilikuwa 78, na safari hii Rehema aliisoma mwenyewe kwa sauti pamoja na herufi ndogo: nmol/L. Kalsiamu na fosfeti zilirudi mahali pake. PTH ilikuwa imeshuka, haijafika. ALP ilikuwa 168, na daktari akasema haraka haina, mfupa unaojijenga huiweka juu kwa miezi. Maumivu ya mapaja yalikuwa yameondoka kabla hata ya vipimo. Akaombwa ainuke kitini bila kushika, akainuka kwa mara ya kwanza.

DXA ilipangwa mwezi wa tisa, mfupa ukiwa umeshiba madini, ili ipime kinachokosekana kweli. Uamuzi wa dripu utasubiri majibu hayo pamoja na PTH ya siku hiyo, na mpaka hapo kopo la yuniti 2,000 linakaa kabatini karibu na fenitoini. Lile la Ijumaa limekwisha.